Aliyeanza na sehemu ya saba

"Mlimaliza kuikarabati ile boti?"

Mama mmoja aliniuliza hivyo pale Kibirizi, asubuhi, wakati dagaa wa usiku wameshamwagwa juani na wanawake wanawageuza kwa mikono. Nilikuwa nimempa shikamoo tu, nikitaka kupita. Nikasimama.

"Boti gani, mama?"

"Ile ya kwenye video yako. Mlikuwa mnaziba nyufa kwa pamba."

Sikuwahi kupiga video ya boti inayokarabatiwa. Nilichopiga ni boti mpya, tangu mbao zikiwa zimelala chini hadi siku iliposukumwa majini, sehemu kumi na moja, miezi mitano ya kazi yangu na ya fundi. Mama huyu alikuwa ameona sehemu moja tu, ya saba, ya kupiga kalafati, yaani kuziba kwa pamba nafasi kati ya mbao. Kwa jinsi ubavu wa boti ulivyokuwa umejaa vumbi na mafuta siku ile, aliona boti kuukuu inayotibiwa.

Yeye ana boti mbili na anataka ya tatu. Alikuwa ndiye hasa mtu niliyemfikiria nilipoanza kurekodi.

"Mbona hukuangalia za mwanzo, mama?"

"Nilitafuta, mwanangu. Zote ni ileile."

Neno hilo nimekaa nalo wiki sita.

## Zote ni ileile

Nilimwomba anionyeshe simu yake. Sehemu ya saba ilimfikia kwa WhatsApp, mtu alimtumia linki. Chini ya video kulikuwa na video nyingine za kupendekezwa, na mbili kati yake zilikuwa zangu, sehemu ya sita na ya nane. Kwa maneno mengine, YouTube ilikuwa imefanya sehemu yake. Ilimwekea mbele ya macho kilichotangulia na kinachofuata.

Lakini kichwa cha sehemu ya sita kilisomeka "Jinsi Tunavyojenga Boti ya Mbao ya Uvuvi Hapa Kibirizi…" kisha nukta tatu. Cha sehemu ya nane kilisomeka "Jinsi Tunavyojenga Boti ya Mbao ya Uvuvi Hapa Kibirizi…" kisha nukta tatu. Na video aliyokuwa anaitazama ilikuwa na maneno hayohayo.

Kichwa changu kizima kilikuwa hiki:

"Jinsi Tunavyojenga Boti ya Mbao ya Uvuvi Hapa Kibirizi Kigoma Ziwa Tanganyika Sehemu ya Saba"

Nimekihesabu. Kina herufi 92 pamoja na nafasi. YouTube inaruhusu hadi 100, kwa hiyo kilikubalika bila shida. Ila kuruhusiwa kuandika siyo kuonyeshwa. Kwenye simu ya mama mistari miwili iliishia Kibirizi, na neno pekee linalotofautisha video moja na nyingine, "Saba", nilikuwa nimeliweka mwisho kabisa, kwenye kipande kilichokatwa.

Nilikuwa naona fahari na vichwa vile. Sehemu nne za kwanza niliziita ovyo, nikajirekebisha kuanzia ya tano kwa kuandika sentensi moja isiyobadilika. Niliamini kufanana ndiyo nidhamu. Sasa mama alikuwa ananionyesha kwamba vichwa vinavyofanana mno navyo vinapoteza watu, kwa njia nyingine tu.

## Zile nne za kwanza

Hizi nazo zilikuwa na ugonjwa wake. Naziandika kama zilivyokuwa:

Mbao zimefika Kibirizi

MTUMBWI SEHEMU YA 2!!!

Kujenga boti Kigoma (3)

Mataruma

Mtumbwi, boti. Sehemu, mabano, halafu hakuna kitu. Sehemu ya pili ilikuwa ya kuweka mkuku, yaani mbao ya chini kabisa inayobeba boti yote, lakini neno mkuku halimo. Ya nne ilikuwa ya mataruma, yaani mbavu za boti. Mtu aliyeona ya nne, akapenda, akataka ya tatu, angeandika nini kwenye kisanduku cha kutafuta? "Mataruma"? Angeletewa vitu vingine kabisa. Kati ya vichwa hivi vinne hakuna hata neno moja linalorudi kote.

Usiku ule nilikaa na daftari. Nilitaka kanuni ambayo naweza kuifuata nikiwa nimechoka, saa sita usiku, umeme unakaribia kukatika, na video inapanda kwa asilimia moja moja.

Nikafika hapa:

```
Kazi ya siku | Boti ya Kibirizi 07
```

Kwanza kinachofanyika kwenye video hiyo, kwa maneno mawili au matatu. Halafu mstari wa kusimama. Halafu jina la mfululizo, na namba yenye tarakimu mbili. Sehemu ya saba ikawa "Kuziba kwa kalafati | Boti ya Kibirizi 07". Herufi 41. Inaonekana yote hata kwenye simu ndogo, na tofauti yake na ya sita, "Kupigilia mbao za ubavu | Boti ya Kibirizi 06", iko mwanzoni ambako jicho linaanzia.

Nilisita kuhusu mpangilio. Rafiki yangu mmoja wa redio alisema jina la kipindi hutangulia siku zote, ndivyo msikilizaji anavyojua yuko wapi. Kwa redio ana haki, kwa sababu redioni hakuna nukta tatu. Kwenye orodha ya simu jina la mfululizo likitangulia, sehemu zote kumi na moja zinaanza na maneno yaleyale, na ninarudi kwa mama na ileile yake.

Kubadilisha vichwa hakukuharibu kitu. Niliogopa kwamba linki zilizokwisha kutumwa kwenye magrupu zingekufa. Hazikufa. Anwani ya video inakaa kwenye zile herufi na tarakimu kumi na moja baada ya `v=`, na hizo hazijali kichwa kinasema nini. Maoni yalibaki, hesabu ya waliotazama ikabaki.

## Wiki mbili za kimya

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Niliamini kwamba majina yakishafanana, mashine itaona "Boti ya Kibirizi" mara kumi na moja, itaelewa kwamba ni kitu kimoja, na itaanza kuwapeleka watu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Nilibadilisha vichwa vyote kwa usiku mmoja na sikugusa kingine. Nikangoja wiki mbili.

Kwenye takwimu za chaneli kuna ukurasa unaoonyesha watazamaji wametokea wapi. Nilikuwa naangalia mistari mitatu: `Suggested videos`, yaani waliokuja kwa kupendekezwa pembeni ya video nyingine, `Playlists`, na `End screens`. Mstari wa kupendekezwa ulikuwa palepale. Mistari miwili mingine ilikuwa karibu na sifuri kama zamani.

Iliniuma, kwa sababu majina yalikuwa mazuri.

Ilinichukua muda kukubali jambo ambalo YouTube wenyewe wanalieleza waziwazi: mapendekezo yanatokana zaidi na watu wanavyotazama kuliko na maneno niliyoandika. Watu wakitoka ya 06 wakaenda ya 07, tena na tena, njia hiyo inazidi kuonekana. Jina linamsaidia mtazamaji kuitambua ya 07 ikiwekwa mbele yake, na akiibonyeza, hapo ndipo njia inapoanza kukanyagwa. Jina linafanya kazi kupitia jicho la mtu. Mtu akiwa hajawekewa mlango wa kutokea ya 06 kwenda ya 07, jina halina pa kufanyia kazi.

Na mimi milango sikuwa nimeiweka. Nilikuwa na orodha ya kucheza, ndiyo, lakini nilipoifungua nikakuta ina sehemu nane tu, na inaanza na ya kumi na moja.

## Orodha iliyotembea kinyumenyume

Orodha ilikuwa imewekwa kupangwa kwa tarehe, mpya kwanza. Kwa nyimbo au habari sawa. Kwa boti maana yake ni kwamba anayebonyeza "cheza zote" anaanza kwa kuiona ikisukumwa ziwani, kisha inarudi nchi kavu, inavuliwa mbao moja moja, mpaka inaisha kwa rundo la magogo.

Nikageuza, ya zamani kwanza. Ikaonekana sawa mpaka nilipohesabu: 01, 02, 04, 05, 06, 07, 03, 11. Sehemu ya tatu ilikuwa na hitilafu ya sauti na niliipandisha upya mwezi mzima baadaye. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili ndani ya video ileile, kwa hiyo ile mpya ni video nyingine, na tarehe yake ni ya baadaye. Kwa mashine ilikuwa mtoto mdogo kuliko ya saba. Namba kwenye kichwa ndiyo iliyonifichulia. Bila 03 kusimama kati ya 07 na 11 nisingeona kosa. Nikaacha kupanga kwa tarehe, nikaburuta kila sehemu kwa mkono hadi mahali pake, nikaongeza tatu zilizokosekana.

Kisha nikafungua mipangilio ya orodha na kuwasha kitu ambacho nilikuwa nimekipita mara nyingi bila kukisoma, `Set as official series for this playlist`. Ukikiwasha unaiambia YouTube kwamba video hizi ni mfululizo mmoja na zinafaa kuonwa pamoja, nayo inaweza kuzipendekeza nyingine za mfululizo kwa anayetazama moja. Kina masharti: akaunti iwe imethibitishwa, video ziwe zako mwenyewe, na video moja haiwezi kuwa kwenye mifululizo rasmi miwili. Kwenye orodha za kawaida unaweza kuiweka video popote utakapo, mara nyingi utakavyo.

Yale niliyotarajia kutoka kwa jina yalikuwa hapa, kwenye swichi hii na kwenye mpangilio. Jina peke yake lilikuwa kama namba zilizoandikwa kwenye mbao ambazo hakuna aliyezipigilia.

Mlango wa mwisho ni zile sekunde za kumalizia, ambapo unaweza kuweka kisanduku cha video nyingine juu ya picha. Inaruhusiwa kwenye sekunde 5 hadi 20 za mwisho. Nilikuwa nimeviweka visanduku hivi tangu zamani, lakini nilichagua vionyeshe video mpya kabisa ya chaneli. Kwa hiyo aliyemaliza 02 alipelekwa 11. Nikavibadilisha kimoja kimoja: 01 inaonyesha 02, 02 inaonyesha 03, na pembeni kisanduku cha pili cha orodha nzima.

Ni kazi ya jioni moja. Nilimkuta fundi ananisubiri tule, nikamwambia aanze.

## R na L

Nilidhani jina la mfululizo limekwisha kupata suluhisho, mpaka nilipomwomba mdogo wangu atafute bila kumwonyesha nimeandikaje. Akaandika "boti ya kibilizi".

Sisi wote tunasema hivyo. Kwenye midomo yetu R na L zinapishana bila kuulizana, na mtu anaandika anavyosikia. Jina la mfululizo linatakiwa liwe la kipekee kiasi kwamba ukiliandika halileti boti za watu wengine, na "Boti ya Kibirizi" linatimiza hilo, lakini linatakiwa pia liandikike na mtu ambaye hajawahi kuliona. Nilifikiria kulibadilisha. Nikakataa, kwa sababu boti ilijengwa Kibirizi na fundi anataka ijulikane hivyo.

Nilichofanya ni kuacha tahajia moja tu kwenye vichwa vyote, bila kukengeuka, na kuiweka ile ya pili kwenye tagi. YouTube wanasema tagi zina mchango mdogo sana katika video kupatikana, isipokuwa pale ambapo neno huwa linakosewa kuandikwa. Hapa ndipo hasa palipo na kosa hilo. Tagi nyingine zote nilizifuta, zile za "Tanzania" na "uvuvi" na "Afrika" nilizokuwa nikizirundika.

Na neno "mtumbwi" je? Wengi huku wanaita hivyo hata chombo cha mbao chenye mataruma. Fundi hataki, kwake mtumbwi ni wa gogo lililochimbwa. Nimeliweka kwenye mstari wa kwanza wa maelezo ya kila sehemu, mara moja, ndani ya sentensi ya kawaida. Kichwani halimo.

## Namba inafukuza?

Hili bado halijanitoka.

Mtu anayekutana na "07" anajua papo hapo kwamba amechelewa kwa sehemu sita. Wengine hurudi mwanzo. Wengine huona ni safari ndefu, wanapita. Niliwaza kuondoa namba kabisa na kuacha orodha ifanye kazi ya kupanga. Kuna mifululizo ambayo inastahili hivyo. Kama ningepiga video za mapishi ya migebuka, leo ya kukaanga, kesho ya nazi, hakuna anayehitaji kujua ipi ilitangulia, na namba ingekuwa kizuizi bure. Hapo jina la mfululizo linatosha.

Boti ni tofauti. Ukiona mataruma kabla ya mkuku hujaelewa mataruma yanashikilia nini. Ukiona kalafati bila kuona mbao zilivyopangwa, unadhani ni nyufa za uzee. Mama alidhani hivyo na alikuwa na kila sababu.

Kwa hiyo namba imebaki, lakini mwishoni, na kazi ya siku mwanzoni, ili anayetaka kujifunza kalafati tu aingie bila kutishwa. Namba hiyohiyo nimeiandika kubwa kwenye picha ya jalada, pembe ya juu kushoto, rangi moja kwa zote. Mwanzoni niliiweka chini kulia, nikashangaa haionekani. Pale ndipo YouTube inapobandika muda wa video. Saba yangu ilikuwa imefunikwa na dakika.

## Kwenye kadi za memori

Tarakimu mbili, 01 na siyo 1, sikuzichagua kwa ajili ya YouTube. Yenyewe haipangi orodha kwa herufi za kichwa, kwa hiyo haijali.

Ni kwa ajili ya wavuvi. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa vizuri, vyombo vingi vinalala ufukweni, na hapo ndipo wanaume wana muda wa kutazama. Wengi hawana bando la kutosha video kumi na moja. Wanakwenda kwa kijana mwenye kompyuta pale Mwanga, wanawekewa kwenye kadi ya memori, na mimi nilimpa faili mwenyewe ili zisambae. Vifaa vingi vya bei nafuu vinapanga faili kwa herufi, na kwa herufi 10 inakuja kabla ya 2. Boti ikatoka 1, 10, 11, kisha 2. Walioangalia kwenye kideo cha kambini waliona boti inazinduliwa kabla haijawa na ubavu.

Kwenye faili, tofauti na kwenye kichwa, namba inatangulia kazi ya siku:

```
BotiYaKibirizi_07_Kalafati.mp4
```

Na linki ninazotuma kwa WhatsApp sasa nazinakili nikiwa ndani ya orodha, nikihakikisha zina kipande cha `list=` mwishoni. Bila hicho, anayefungua anaipata video moja tu, orodha haimfuati. Ile iliyomfikia mama ilikuwa haina.

## Baada ya mwezi

Mstari wa `Playlists` umeacha kuwa mtupu, na kwenye mstari wa kupendekezwa, nikifungua kuona ni video zipi zinazoleta watu, za kwangu mwenyewe zimeanza kujitokeza juu, jirani kwa jirani: 05 inaleta watu 06, 06 inaleta 07. Siwezi kusema ni sehemu gani ya kazi iliyofanya hivyo, orodha au visanduku vya mwisho, kwa sababu niliviweka jioni moja. Najua tu kwamba majina peke yake, kwa wiki mbili, hayakusogeza.

Fundi ameanza boti nyingine, safari hii Katonga, ndefu zaidi, ya mizigo. Aliniuliza kama itakuwa 12. Nimemwambia hapana. Aliyemaliza 11 ameona boti ikielea, hadithi yake imekwisha. Mkuku mpya unaanza orodha mpya, jina jipya, 01 mpya. Nitaiweka linki ya orodha ya kwanza kwenye maelezo, basi.

Juzi nilipita tena Kibirizi. Mama alikuwa anapepeta dagaa, akaniona kabla sijamwamkia, akaweka ungo chini.

"Wewe. Ule mkuku ulikuwa na ufa upande wa nyuma, na fundi akaupitisha. Kwa nini?"

Ufa ule unaonekana kwa sekunde chache tu, kwenye sehemu ya 02. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kumweleza.